Wanga wa sahani moja ya wali

Nyuma ya pakiti nyingi za mchele kuna kijedwali kinachosema kwamba gramu 100 zina wanga wa gramu 80 hivi. Ni kweli, ila namba hiyo ni ya mchele mkavu. Mchele ukiiva huwa umeshakunywa maji mengi, kilo moja imekuwa kilo mbili na nusu au karibu tatu, na wanga ni uleule uliokuwemo mwanzo. Ndiyo maana gramu 100 za wali mweupe uliokwisha kupakuliwa zina wanga wa gramu 28 tu, pengine 30 kama wali ni mkavu.

Anayepima wali mezani kisha akatumia namba ya pakiti anajihesabia karibu mara tatu ya alichokula. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini na kupanga dozi kwa kuhesabu wanga, hilo ni jambo la hatari. Tuseme daktari amempangia yuniti 1 kwa kila gramu 10 za wanga. Wali wa gramu 150 una wanga wa gramu 42, kwa hiyo anahitaji yuniti 4. Kwa namba ya pakiti wali huohuo utaonekana una gramu 120, naye atajidunga yuniti 12. Hizo yuniti 8 za ziada zinaweza kumshusha sukari hadi atetemeke, atokwe na jasho jembamba na hata kupoteza fahamu.

Njia ya uhakika ni kuhesabia sufuria nzima, na ukishaifanya mara moja kwa utulivu hutahitaji kuirudia kila siku. Chukua wali wa nazi wa nyumba ya watu wanne. Kabla ya kupika, pima mchele kwa mizani ya jikoni: gramu 500. Wanga wake ni gramu 400. Tui huongeza gramu chache sana kwa sufuria nzima, ziache. Pima pia sufuria tupu uandike uzito wake, maana wali ukishaiva hutaweza kuutoa wote ili uijue. Wali ukiiva, ipime tena sufuria ikiwa na wali, utoe uzito wa sufuria tupu. Tuseme umebaki na gramu 1,400 za wali. Gawanya 400 kwa 1,400, utapata kwamba kila gramu 100 za wali wako zina wanga wa gramu 28 na kitu.

Sasa pakua kama unavyopakua siku zote, bila kujibana, kisha pima. Sahani ya mtu mzima iliyojaa vizuri hufika gramu 350 bila shida, nazo zina wanga wa gramu 100. Wagonjwa wengi hupangiwa kati ya gramu 45 na 60 kwa mlo mzima, kwa hiyo sahani hiyo imeshavuka mpaka kabla ya kitoweo. Na kitoweo nacho kina lake: nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina wanga wa gramu 15 hadi 20, japo sehemu yake ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari. Ndizi mbivu ya pembeni, ambayo kwa watu wa pwani pilau bila yake haijakamilika, ina gramu 25 hivi.

Gramu 45 za wanga ni wali wa gramu 160 hivi, yaani kikombe kimoja cha mililita 250 kilichosawazishwa juu bila kushindiliwa. Kwa kuwa hakuna anayepakua wali kwa kikombe, pima upawa wako. Kama upawa mmoja unabeba gramu 80, basi miwili ndiyo kiasi chako, na mizani inaweza kurudi kabatini. Wali uliolala ukapoa hubadilika kidogo, sehemu ndogo ya wanga wake ikawa ngumu kumeng'enywa, lakini badiliko hilo halitoshi kumpa mtu ruhusa ya kuongeza upawa. Uhesabu kama wali wa leo, na usiulaze nje ya friji.

Viazi mviringo vilivyochemshwa vina maji mengi kuliko wali, kwa hiyo wanga wake ni mdogo kwa uzito uleule: gramu 100 zina wanga wa gramu 17 hadi 20. Kiazi cha ukubwa wa yai la kuku kina gramu 12 hivi, na kile kikubwa cha gramu 150 kina karibu 30. Chipsi ni habari nyingine. Mafuta ya moto hufukuza maji, kiazi kinanywea, na wanga unabaki umejibana. Gramu 100 za chipsi zina wanga wa gramu 35 hadi 40, yaani karibu maradufu ya kiazi cha kuchemsha. Halafu mafuta huchelewesha chakula tumboni. Mtu akipima sukari saa mbili baada ya chipsi mayai anaweza kuona namba nzuri akafurahi, kumbe kilele bado hakijafika. Kwa chipsi, pima tena saa ya tatu au ya nne.

Mkate ni rahisi kuliko vyote, kwa sababu uzito wake umeandikwa kwenye mfuko. Wanga ni karibu nusu ya uzito. Mkate wa gramu 400 una wanga wa gramu 195 hivi. Hesabu vipande, pamoja na vile viwili vya mwisho ambavyo watoto huvikataa. Vikiwa 14, kila kimoja kina gramu 14. Vikiwa 10 vinene, kila kimoja kina karibu gramu 20, na "vipande viwili vya asubuhi" vimehama kutoka 28 hadi 40. Mkate wa kahawia haukuokoi sana kwenye gramu. Faida yake ni nyuzinyuzi, kama kweli umetengenezwa kwa unga wa ngano usiokobolewa, maana rangi peke yake huweza kutiwa. Mkate wa kumimina usiuweke kwenye hesabu hii kabisa. Huo ni mchele na sukari, na sukari ya chai nayo ni gramu 4 kwa kila kijiko cha chai kilichosawazishwa.

Namba zote hizi ni za makadirio, na mwenye neno la mwisho ni kipima sukari. Chagua mlo mmoja unaoujua gramu zake, kama kile kikombe cha wali. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Nawa mikono kwanza, kwani kidole kilichotoka kumenya embe kinaweza kutoa namba ya uongo kabisa. Kwa watu wazima wengi lengo ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya kula; wajawazito na wazee hupangiwa malengo yao. Rudia mlo uleule siku nyingine mbili tatu, kwa sababu usingizi mbaya, homa au kutembea baada ya kula huihamisha namba hata kama sahani ni ileile.

Andika pamoja gramu ulizokula na namba mbili za kipimo, upeleke daftari hilo kliniki. Usibadilishe dozi ya insulini wala ya vidonge kwa hesabu yako peke yako.