Amana Inapoiva: Kukagua Hesabu ya Benki Mstari kwa Mstari (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia pale mteja anapokabidhiwa cheti cha amana ya muda maalumu. Leo tuichukue karatasi ya pili, ile inayotoka siku amana inapoiva. Wengi huitazama tarakimu ya chini kabisa, wakaikunja na kuitia mfukoni. Kumbe tarakimu hiyo ni zao la mistari mitatu iliyo juu yake, na kila mmoja unaweza kukaguliwa kwa kikokotoo cha simu.

Tuchukue mteja wa Dar es Salaam aliyeweka shilingi 5,000,000 tarehe 6 Januari 2025, kwa siku 182, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Yale maneno "kwa mwaka" ndiyo huwachanganya watu. Asilimia 9 ya milioni tano ni shilingi 450,000, lakini hiyo ni riba ya mwaka mzima. Yeye ameiacha fedha kwa siku 182 tu, hivyo tunazidisha 450,000 kwa 182, kisha tunagawa kwa 365. Jibu ni shilingi 224,383.56, na hiyo ndiyo riba kabla ya kodi, mstari wa kwanza.

Angalia kwamba si 225,000. Anayehesabu "miezi sita, nusu mwaka" atapata 225,000 na kudhani amepunjwa shilingi mia sita na ushee, kumbe benki imehesabu siku, wala haikuhesabu miezi. Ukiona 227,500, ujue mwaka umehesabiwa kuwa wa siku 360. Hapo benki imekuzidishia kidogo, lakini bado ni haki yako kuuliza mkataba unasema nini.

Siku zenyewe zihesabu kwa kalenda. Siku ya kuweka huingia kwenye hesabu, siku ya kulipwa haiingii. Kutoka 6 Januari, siku 182 zinaangukia 7 Julai, nayo ni Sabasaba, benki zimefungwa. Mteja atalipwa tarehe 8. Je, siku hiyo moja ya ziada ina riba? Kwa amana hii ni shilingi 1,232.88. Jibu limo kwenye masharti aliyotia sahihi, wala si kwa karani wa dirishani. Kwa milioni tano hiyo ni nauli ya daladala tu. Kwa chama cha akiba chenye milioni mia tano, ni zaidi ya shilingi laki moja na elfu ishirini.

Mstari wa pili ni kodi ya zuio. Tanzania Bara, riba ya amana ya benki hukatwa asilimia 10, na benki huipeleka TRA. Wenzetu wa Kenya hukatwa asilimia 15. Kodi hukatwa kwenye riba peke yake, mtaji hauguswi. Asilimia 10 ya 224,383.56 ni 22,438.36. Kwa mkaazi ambaye amana yake haihusiani na biashara, kodi hiyo ndiyo ya mwisho. Kampuni haiishii hapo: riba huingia kwenye mapato yake ya mwaka, na kodi iliyokwisha kukatwa hupunguzwa kwenye deni lake, ndiyo maana inahitaji hati ya kodi ya zuio kutoka benki.

Ukitoa kodi, unapata mstari wa tatu: riba inayobaki, 201,945.20. Jumlisha na mtaji, unapata 5,201,945.20.

Sasa tuseme mstari wa kwanza, riba kabla ya kodi, unaonyesha 199,452.05 badala ya 224,383.56. Usianze ugomvi, rudi kinyume. Zidisha kwa 365, gawa kwa 182, kisha gawa kwa 5,000,000. Inatoka 0.08, yaani asilimia 8 kamili. Ukipata namba iliyonyooka namna hiyo, kosa si la kujumlisha: benki imetumia kiwango kingine. Kitazame cheti. Mara nyingi asilimia 9 ilitamkwa kwa mdomo wakati wa mazungumzo, na kilichoandikwa ni 8. Kilichoandikwa ndicho benki itakachokisimamia. Kama cheti kinasema 9, peleka nakala yake pamoja na hesabu yako, na udai jibu la maandishi.

Huenda pia hesabu yote ikawa sawa lakini fedha hazionekani kwenye akaunti. Hapo tazama maelekezo ya kuiva yaliyojazwa mwanzoni. Kama ilichaguliwa kuendeleza mtaji na riba, zile 5,201,945.20 zimekuwa amana mpya siku hiyohiyo, kodi ikiwa imekwisha kukatwa ingawa mteja hajashika hata senti. Kiwango cha amana hiyo mpya ni cha siku ya kuendelezwa, kinaweza kuwa chini ya kile cha kwanza, na muda wake umeshaanza kuhesabiwa. Akitaka kuitoa sasa, atakuwa anavunja amana kabla ya wakati, jambo lenye hesabu yake tutakayoifanya wiki ijayo.