Rejesho la Juni: hesabu ya mkopo wa bekari

Afisa mikopo akishapokea maombi yako, kuna namba moja anayoitafuta kabla hajaangalia dhamana, hati wala wadhamini. Anachukua fedha zinazobaki kwenye biashara kila mwezi baada ya gharama zote, anazigawanya kwa marejesho yote unayotakiwa kulipa mwezi huo. Kwenye kompyuta yake namba hiyo imeandikwa DSCR. Sisi tuiite uwiano wa kulipa deni. Ukipata 1, kila kinachobaki kinaishia kwenye deni. Ukipata chini ya 1, biashara haimudu rejesho lenyewe. Wakopeshaji wengi hutaka kuona angalau 1.2 au 1.25, yaani kwa kila shilingi 100 za rejesho ziwepo shilingi 120 au 125 zilizobaki.

Kuigawanya namba hiyo ni kazi ya dakika moja. Ugumu uko kwenye kuamua nini kiingie juu na nini kiingie chini, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya bila kukusudia.

Tuchukue bekari ndogo ya Morogoro inayooka mikate ya nusu kilo na kuisambaza kwenye maduka ya mtaani na shule mbili za bweni. Mwenyewe anataka Sh 10,000,000: milioni saba za oveni ya gesi na milioni tatu za mashine ya kukandia unga. Mkopeshaji anatoza riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya mkopo wote, kwa miezi 18. Riba inafika Sh 3,600,000, jumla ya kulipa ni Sh 13,600,000, na kila mwezi rejesho ni Sh 755,556.

Daftari lake la mwaka mzima linaonyesha wastani wa mauzo ya Sh 7,200,000 kwa mwezi. Afisa mikopo makini haishii kwenye daftari. Anaomba risiti za unga. Mfuko wa ngano wa kilo 50 hutoa mikate kama 150 ya nusu kilo, na bekari hii huuza mkate kwa bei ya jumla ya Sh 1,200. Risiti zikionyesha mifuko 40 kwa mwezi, hiyo ni mikate 6,000, sawa na Sh 7,200,000. Daftari na unga vinakubaliana. Kama daftari lingesema milioni tisa huku mifuko ikiwa ile ile 40, mazungumzo yangegeuka palepale. Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani, na nakisihi kifanyike, kwa sababu mara nyingi kinafichua mikate iliyotoka kwa mali kauli na fedha yake haijarudi. Mkate uliopelekwa shuleni bila kulipiwa haulipi rejesho. Kinachohesabiwa ni fedha iliyoingia.

Sasa gharama. Unga, sukari, mafuta, hamira, kuni, mifuko ya kufungia na bodaboda wa kusambaza vinakula asilimia 65 ya mauzo, yaani Sh 4,680,000. Zinabaki Sh 2,520,000. Kisha kuna zile gharama zisizojali kama umeuza au hukuuza: mishahara ya wasaidizi wawili Sh 500,000, pango Sh 200,000, umeme na maji Sh 110,000, kodi na leseni za mwaka zikigawanywa kwa mwezi Sh 240,000, na matengenezo Sh 60,000. Jumla yake ni Sh 1,110,000. Kinachobaki ni Sh 1,410,000.

Mwenye bekari anagawanya 1,410,000 kwa 755,556 na kupata 1.87. Kwa namba hiyo anaona mkopo ni mwepesi kabisa, na anashangaa afisa anapokunja uso.

Afisa ana maswali mawili ambayo hayamo kwenye daftari la bekari. La kwanza ni unakula wapi. Mama huyu hajilipi mshahara. Chakula cha nyumbani, ada za watoto na kodi ya nyumba vinatoka kwenye droo ya mauzo, na vikijumlishwa kwa uaminifu vinafika Sh 500,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haitaacha kutoka kwa sababu kuna mkopo. Kwa hiyo kinachobaki kwa ajili ya deni ni Sh 910,000, na uwiano unashuka hadi 1.2.

Swali la pili ni unadaiwa na nani mwingine. Kuna mkopo wa vikoba ambao analipa Sh 120,000 kila mwezi, na bado miezi 10. Benki inaweza kuona mikopo ya benki nyingine kupitia taasisi za taarifa za mikopo, lakini mkopo wa kikundi cha mtaani mara nyingi hauonekani huko, na wapo wanaoona ni ujanja kuunyamazia. Lakini hauondoki kwa kufichwa: siku ya kikao fedha itatoka. Marejesho yote mawili ni Sh 875,556. Gawanya 910,000 kwa hizo, unapata 1.04.

Kutoka 1.87 hadi 1.04, na hakuna mkate hata mmoja uliopungua kwenye mauzo.

Hata hiyo 1.04 bado ni ya wastani, na mkopo haulipwi kwa wastani. Shule hufungwa Juni na Desemba. Miezi hiyo miwili bekari inauza Sh 5,400,000 tu, mifuko 30 badala ya 40. Asilimia 35 inayobaki baada ya unga na wenzake ni Sh 1,890,000. Toa gharama zisizobadilika, toa ya nyumbani, mkononi inabaki Sh 280,000. Rejesho ni lile lile Sh 875,556. Uwiano wa Juni ni 0.32, na pengo ni Sh 595,556.

Miezi mingine 10 inakwenda kwa wastani wa Sh 7,560,000. Ukipiga hesabu ile ile, kila mmoja wao unaacha Sh 160,444 baada ya kulipa marejesho yote. Kwa hiyo Juni moja inahitaji akiba ya karibu miezi minne mizuri, na akiba hiyo lazima iwe haijaguswa na msiba, ugonjwa wala sare za shule. Mikopo mingi huanza kuharibika kwa njia hii. Mtu hajashindwa biashara. Amekosa fedha mwezi mmoja, akakopa kwenye simu kufunika rejesho, na mwezi uliofuata ana deni la tatu.

Unga nao haumsubiri mtu. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na waokaji wanakumbuka jinsi bei ilivyopanda mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza. Gharama zile za asilimia 65 zikipanda hadi 68 huku bei ya mkate ikibaki pale pale, kinachobaki kwa wastani kinapungua Sh 216,000, na uwiano wa 1.04 unakuwa 0.79. Kila mtu mwenye bekari anajua kwamba bei ya mkate haipandishwi siku ile ile unga unapopanda.

Wengi hapa husema wataomba muda mrefu zaidi. Kwa miezi 24 rejesho linashuka hadi Sh 616,667, na pamoja na vikoba uwiano unapanda hadi 1.24. Inasaidia, ila riba inatoka Sh 3,600,000 na kufika Sh 4,800,000. Kabla ya kukubali hilo, ni vizuri kuuliza jinsi riba inavyokokotolewa. Asilimia 2 ile ile ikitozwa kwenye salio linalopungua, kwa miezi 18 ile ile, rejesho lingekuwa kama Sh 667,000, na uwiano 1.16. Viwango viwili vinavyotamkwa sawa vinaweza kutofautiana kwa karibu Sh 89,000 kila mwezi, kwa hiyo ulizia kiasi cha rejesho lenyewe na ukitumie hicho kwenye hesabu.

Njia ninayoiona bora kwa bekari hii ni kukopa milioni saba za oveni na kuiacha mashine ya kukandia kwa sasa. Kwa masharti yale ya mwanzo rejesho linakuwa Sh 528,889. Ukiongeza vikoba ni Sh 648,889. Uwiano wa wastani unafika 1.4. Juni bado ina pengo, Sh 368,889, lakini kila mwezi mzuri sasa unaacha Sh 387,111. Mwezi mmoja mzuri unaziba mmoja mbaya. Unga ukipanda kama tulivyosema, uwiano unashuka hadi 1.07: mama atabanwa, lakini atalipa.

Hapa kuna jambo la tarehe ambalo halimgharimu mkopeshaji chochote na bado watu hawaliombi. Rejesho la kwanza likiwa Juni, bekari inaanza na pengo ikiwa haina akiba. Likiwa Januari, inapata miezi mitano mizuri kabla ya shule kufungwa, na kama ziada haikuguswa, kufikia mwisho wa Mei ziko Sh 1,935,555 pembeni. Baadhi ya wakopeshaji hukubali pia rejesho dogo kwenye miezi inayojulikana kuwa mibaya, mradi uoneshe daftari la mwaka uliopita linaloithibitisha. Ombi hilo linafanyika kabla ya kusaini mkataba.

Na mashine ya kukandia? Mkopo wa vikoba, wenye miezi 10 iliyobaki kuanzia Januari, unaisha Oktoba. Hapo deni linabaki la oveni peke yake na uwiano unaruka hadi 1.72, namba inayomshawishi mtu kukopa milioni tatu papo hapo. Kwa miezi 12, riba ile ile, rejesho lake ni Sh 310,000. Ukijumlisha na la oveni unapata Sh 838,889, na uwiano unarudi 1.08. Kufikia 1.25 anahitaji kubakiwa na takriban Sh 139,000 zaidi kila mwezi, na kwa kuwa katika kila mauzo ni asilimia 35 tu inayobaki, hiyo ni kama Sh 396,000 ya mauzo mapya, sawa na mikate 330 kwa mwezi, au 11 kwa siku. Kama oveni imeileta mikate hiyo, itaonekana kwenye risiti za unga za Julai hadi Oktoba zikilinganishwa na za miezi ile ile ya mwaka uliotangulia: mifuko miwili na kidogo zaidi kila mwezi.