Ukungu Hupimwa kwa Mita

Picha niliipiga kwenye barabara ya Soni kwenda Lushoto, mahali inaponyooka kidogo na kuwa tambarare. Ilikuwa asubuhi ya mawingu, isiyo na ukungu hata kidogo. Mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye kuni, mita 10 hivi kutoka niliposimama. Nyuma yake, kama mita 40, kuna mikaratusi. Mita 80 kuna nyumba ya bati, na mbali kabisa mlima. Aliyeitaka picha hiyo kwa jalada la kitabu alitaka Usambara ya mwezi wa saba, ile ambayo mlima hauonekani na miti inaonekana kama kumbukumbu.

Jaribio langu la kwanza lilichukua dakika 5. Nilifungua tabaka jipya juu ya picha, nikalipaka rangi nyeupe, nikalipunguza uzito kwa kitelezi cha Opacity mpaka asilimia 40. Matokeo yake yalikuwa kama picha iliyopigwa kupitia kioo kichafu. Mzee alififia kiasi kile kile ulichofifia mlima, na hapo ndipo uongo ulipojulikana. Ukungu ni matone madogo ya maji yaliyotapakaa hewani. Kadiri kitu kilivyo mbali, ndivyo matone yaliyo kati yako na kitu hicho yanavyozidi. Kwa hiyo anayetia ukungu kwenye picha hana budi kujua kila kitu kiko umbali gani.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme ukungu wetu unameza nusu ya mwanga unaotoka kwenye kitu kilicho mita 40. Mita 40 nyingine zitameza nusu ya kile kilichobaki, na nyingine tena nusu ya hicho. Mikaratusi basi imefunikwa asilimia 50, nyumba asilimia 75, na mlima ulio mita 300 umetoweka, kwa kuwa haujabakiza hata asilimia 1 yake. Mzee, kwa mita zake 10, amefunikwa asilimia 16 tu. (Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu mzito ule unaozuia kuona kufikia kilomita 1, ukungu mwepesi huruhusu kuona zaidi ya hapo. Huu wa kwangu ni mzito sana, maana ndio aliotaka mteja.)

Asilimia hizo huwekwa kwenye picha kwa maski. Tabaka la ukungu linabaki limejaa rangi moja, na maski yake ndiyo inayoamua lionekane wapi. Penye nyeupe tabaka linaonekana lote, penye nyeusi halionekani, na penye kijivu linaonekana kwa kadiri ya kijivu hicho. Maski yangu basi ni ramani ya umbali: mlima mweupe, nyumba kijivu cheupe, miti kijivu cha kati, na mzee karibu na nyeusi.

Kilichonisumbua ni barabara yenyewe, kwa sababu inaanzia miguuni pangu na kuishia mbali. Wengi huvuta zana ya Gradient kutoka chini ya picha hadi juu, nyeusi ikageuka nyeupe taratibu, wakadhani wamemaliza. Lakini umbali haupandi hivyo kwenye picha. Ukingo wa chini wa picha yangu unaonyesha ardhi iliyo mita 5. Kutoka hapo mpaka usawa wa macho, nusu ya njia ni mita 10. Ukikata nusu ya sehemu iliyobaki unafika mita 20, ukikata tena unafika mita 40. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya barabara hubaki karibu na nyeusi kwenye maski, kisha weupe huja kwa kasi kwenye ukanda mwembamba unaokaribia usawa wa macho. Mvuto wa kawaida wa Gradient huijaza barabara ukungu mapema mno, na picha huonekana kama imemwagiwa maziwa.

Kosa la pili linatokana na hilo hilo. Kamera ilikuwa kwenye urefu wa macho yangu, kwa hiyo kichwa cha mzee kiko juu kwenye picha, usawa ule ule wa ardhi ya mbali kabisa. Gradient haijui kwamba kichwa na miguu ni vya mtu mmoja. Miguu iliachwa safi, kichwa kikazama. Ilinibidi nimchague mzee mzima pamoja na baiskeli yake, nimpake kijivu kimoja kwenye maski kuanzia kofia hadi kandambili. Miti nayo hivyo hivyo, kila mmoja rangi moja toka shina hadi kilele. Ukitaka kukagua ukungu wa mtu mwingine, tazama kwanza vichwa.

Sasa suala la namna ya kuchanganya tabaka. Mafunzo mengi husema: chagua Screen. Hali hii huacha picha ilivyo pale tabaka lilipo jeusi, na kwa kijivu husukuma kila rangi kuelekea weupe. Kwa kweli kijivu cha katikati kwenye Screen hutoa jibu lile lile la nyeupe tupu kwenye Normal yenye Opacity ya asilimia 50. Kwa hiyo Screen haiwezi kukitia giza kitu chochote, na hapo ndipo ilinikwamisha. Bati la ile nyumba lilikuwa liking'aa. Ukungu wa kweli wa asubuhi ni wa kijivu kidogo: hulififisha bati linalong'aa na kuupausha mti mweusi, mpaka vyote viwili vikutane kwenye rangi ya ukungu. Kwa Screen, miti ilipauka vizuri lakini bati likazidi kung'aa ndani ya ukungu, kama taa. Nikarudi kwenye Normal, nikaokota rangi ya tabaka kutoka mawinguni mwa picha yenyewe, na bati likatulia.

Screen ina kazi yake, nayo ni mvua. Hapo unaanza na tabaka jeusi, unatia chembe kwa Add Noise, unazivuta kwa Motion Blur ziwe mistari, unakaza tofauti ya weusi na weupe kwa Levels, kisha unachagua Screen na weusi wote unapotea. Mistari inayobaki huonekana mbele ya miti yenye giza na kupotea mbele ya anga jeupe, jinsi mvua ya kweli inavyofanya. Hatari yake ni urefu. Tone kubwa huanguka mita 9 hivi kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu ya 60 ya sekunde, tone huacha mstari wa sentimita 15. Kwa umbali wa yule mzee, mstari huo hauzidi sana urefu wa uso wake. Michirizi inayoanzia kofiani na kuishia magotini ni ya mvua ambayo haijawahi kunyesha popote.

Niliijaribu mvua pia kwenye picha hiyo, na mistari ilikaa vizuri. Lakini barabara ilikuwa na vumbi, kuni zilikuwa kavu, na shati la mzee lilipepea. Nikalifuta tabaka la mvua, nikapeleka ukungu peke yake.