Usinitumie Kila Kazi

Mhandisi wa programu aliyekaa kazini miaka kumi na zaidi Nairobi hakosi ujumbe wa mawakala wa ajira kwenye LinkedIn. Leo anaulizwa kama anaweza kutengeneza programu za simu, kazi ambayo hajaigusa maishani mwake. Kesho anapewa nafasi inayomfaa kijana aliyemaliza chuo juzi, na mshahara hautajwi. Wengi hunyamaza, basi. Lakini wako wanaojibu kwa ujumbe mmoja mfupi unaosema ni kazi za aina gani zinazostahili kutumwa, na ujumbe huo ukiandikwa vizuri, wakala aliyekuwa kero anaanza kuwachujia kazi.

Kwa nini kazi zisizofaa humiminika? Wakala kwa kawaida si mhandisi. Ana maelezo ya nafasi kutoka kwa kampuni, anachukua maneno machache humo na kuyaandika kwenye sanduku la kutafutia watu, pengine hivi:

```
Java AND (payments OR fintech) NOT intern
```

Majina yanayojitokeza yanaweza kuwa mamia, na yote yanatumiwa ujumbe uleule. Wakala asiyejua kwamba Java na JavaScript ni lugha mbili tofauti zilizofanana majina hana namna ya kugundua kosa lake mpaka aambiwe. Mhandisi akijibu tu kwamba anataka kazi yenye changamoto, kwenye timu nzuri, hajamsaidia. Hakuna kampuni itakayokiri kwamba timu yake ni mbaya. Sharti lenye manufaa ni lile ambalo wakala anaweza kulihakikisha kwa kuiuliza kampuni swali moja.

Tuchukue mfano wa mhandisi wa Nairobi aliyezoea mifumo ya malipo. Kazi yake ya kila siku ni kuhakikisha kwamba mtandao ukikatika katikati ya muamala wa M-Pesa, na ombi lilelile likafika mara mbili, mteja anakatwa pesa mara moja tu. Ujumbe wake ungeweza kusomeka hivi, tarakimu zikiwa za mfano:

“Habari. Asante kwa kunitafuta. Sina haraka ya kuhama, ila nitasikiliza kazi ya mhandisi mkuu anayeandika programu mwenyewe, upande wa seva, kwenye mifumo ya malipo au ya benki, kwa Java au Go. Umeneja sitaki kwa sasa. Ajira ya kudumu, kuanzia shilingi 700,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kama ni mkataba wa kujitegemea, kuanzia 900,000. Nifanyie kazi nyumbani, au ofisini Nairobi siku zisizozidi 2 kwa wiki. Vikao viwe vimekwisha saa mbili usiku, saa za hapa. Zamu ya dharura isizidi wiki 1 kati ya 5. Kampuni za kamari usinitumie. Ukipata inayofaa, nitajie jina la kampuni, kiwango cha mshahara na sababu ya nafasi kuwa wazi. Tafadhali usipeleke wasifu wangu popote kabla sijakubali kwa maandishi.”

Hapo hakuna sifa hata moja ya kujipigia debe, na hakuna orodha ya vyeti. Vyote hivyo wakala ameshaviona.

Sharti la vikao linaonekana dogo, kumbe ndilo linaloondoa kazi nyingi kuliko yote. Saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa moja jioni Nairobi wakati wa kiangazi cha kwao, na saa mbili usiku wakati wa baridi. Kampuni ya huko yenye kikao cha kila asubuhi inakula usiku wa mhandisi wa huku, hata tangazo likisema kazi inafanyika popote duniani. London haina shida hiyo, kwa kuwa iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili au tatu tu.

Mishahara miwili nayo ina sababu. Mwajiriwa nchini Kenya ana likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, na mwajiri ndiye anayekata kodi na kuchangia sehemu yake ya pensheni ya NSSF na ya ushuru wa nyumba. Anayejitegemea kwa kampuni ya nje huipeleka kodi mwenyewe, hujinunulia bima, na akiugua wiki mbili huenda asilipwe. Tarakimu kubwa kwenye mkataba wa namna hiyo inaweza kuwa ndogo ikishachambuliwa.

Je, kutaja kiwango cha chini si kujifunga? Ni kweli, anayesema 700,000 huenda akapewa 700,000 barabara. Kwa hiyo kiwango cha kuandikwa kiwe kile ambacho kikiletwa mezani, mhandisi ataacha kazi aliyonayo bila kinyongo. Kile ambacho angevumilia akibanwa na shida abaki nacho moyoni.

Hesabu za wakala nazo zinafaa kujulikana. Analipwa na kampuni, na mara nyingi hapati kitu mpaka mtu aajiriwe. Ada ya kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 25 ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Kwa 700,000 kwa mwezi, mwaka ni milioni 8.4, na asilimia 20 yake ni milioni 1.68. Mhandisi akipigania nyongeza ya 50,000 kwa mwezi, ada inaongezeka kwa 120,000 tu. Wakala hatahatarisha milioni 1.68 kwa ajili ya hizo. Atamshauri akubali mapema. Hana ubaya, ndivyo biashara yake ilivyo. Lakini mikataba mingi ya mawakala ina kipindi cha dhamana, mara nyingi miezi 3 hivi: aliyeajiriwa akiondoka ndani yake, wakala hutafuta mwingine bila malipo au hurudisha sehemu ya ada. Mtu atakayekimbia mwezi wa pili kwa sababu ya vikao vya usiku ni hasara kwa wakala pia, ndiyo maana ujumbe mkali kiasi hiki haumuudhi wakala mzoefu.

Anayedai mhandisi alipe ili aunganishwe na kazi ni wa kukaa naye mbali. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza kwa kanuni ya jumla mawakala binafsi kuwatoza wanaotafuta kazi.

Sentensi ya mwisho ya ujumbe, ile ya wasifu, imetokana na ugomvi wa kawaida katika biashara hii. Mawakala wawili wanaweza kuupeleka wasifu wa mtu mmoja kwa kampuni moja, na kila mmoja akadai ada ni yake. Kampuni isiyotaka kuingia katika mvutano huo huweza kuliacha jina lile kabisa, na mhandisi asijue kamwe kwa nini hakuitwa.

Ujumbe wenyewe hauwezi kuzuia yote. Wakala anayetuma kwa mamia hatausoma, naye si wa kujibiwa tena. Masharti yakizidi, hata aliye makini hatapata cha kuleta mwaka mzima. Hapo la kwanza kulegezwa huwa lugha ya programu, kwa kuwa mhandisi mzoefu hujifunza nyingine, ilhali saa za usiku hazijifunzwi. Wakala mzuri hujitokeza pale anapoleta kazi iliyokosa sharti moja na kulisema waziwazi: kampuni iko Berlin, mshahara unafika, vikao vinakwisha saa kumi na mbili jioni za Nairobi, ila zamu ya dharura ni wiki 1 kati ya 4. Mhandisi anarudisha swali moja tu: katika zamu ya mwisho, simu ililia usiku mara ngapi?