Kipimajoto Kimoja, Kazi Tatu

Swali lenyewe huwa fupi. Kiwanda cha maziwa kinapasha maziwa hadi nyuzi joto 63 na kuyashikilia hapo kwa dakika 30. Kila Jumatatu msimamizi wa ubora hukichomoa kipimajoto cha tangi, akakitumbukiza kwenye maji ya barafu na kuangalia kama kinasoma sifuri. Je, kazi hiyo ni ufuatiliaji, uhakiki au uthibitishaji? Mtahiniwa akishaona neno kipimajoto huandika “ufuatiliaji”, na hapo alama zimekwenda. Jibu ni uhakiki.

Swali hili huwatesa watu kwa sababu kazi zote tatu zinaweza kufanywa na kipimajoto hichohicho, katika tangi hilohilo, na pengine na mtu yuleyule. Ukitazama kifaa utapotea. La kujiuliza ni kipimo hicho kinataka kuondoa shaka gani.

Tuanze na mhudumu wa tangi. Tuseme ana lita 300 za maziwa ndani ya tangi lenye koti la maji ya moto, na pangaboi linakoroga taratibu. Maziwa yamefika 63, ameandika saa, na kila baada ya dakika tano anasoma tena na kuandika. Anasoma pia kipimajoto cha pili, kinachopima hewa iliyo juu ya maziwa, maana povu linaloelea huko linaweza kubaki la baridi hata kama maziwa ya chini yameiva. Dakika ya 20 kuni zinapungua na joto linashuka hadi 61. Hatoi maziwa. Anachochea moto, joto linarudi 63, na anaanza kuhesabu dakika 30 upya, si kumalizia kumi zilizobaki. Kisha anaandika kilichotokea.

Huo ndio ufuatiliaji. Shaka yake inahusu maziwa yaliyomo tangini sasa hivi: je, yako ndani ya kikomo? Sharti lake kubwa ni wahi. Taarifa lazima ifike maziwa yakiwa bado mikononi mwako, ili mambo yakienda kombo uweze kuyarekebisha. Ndiyo maana kuotesha vijidudu maabara hakuwezi kuwa ufuatiliaji wa tangi hili. Majibu huchukua siku mbili au tatu, na kwa muda huo maziwa yameshanywewa. Kwenye mtihani, ukiona kipimo ambacho majibu yake hayawezi kuokoa mkupuo husika, futa neno ufuatiliaji mara moja.

Sasa aje msimamizi. Shaka yake yeye si ya maziwa ya leo, bali ya utaratibu wenyewe: je, tulichosema tutafanya kinafanyika, na vifaa tunavyoviamini vinasema kweli? Anakipima kipimajoto kwenye barafu. Anasimama pembeni kumtazama mhudumu akisoma. Anapitia fomu za wiki nzima, na hapa jicho zuri hugundua mengi. Fomu yenye 63.0 kila mstari, siku zote sita, mwandiko na wino uleule bila hata doa la maji, haionyeshi tangi lililotulia. Inaonyesha mtu aliyekaa mezani Ijumaa jioni akajaza wiki yote. Tangi la kweli hupanda na kushuka: 63.4, 64.1, 63.2.

Msimamizi ana silaha nyingine ambayo wenye viwanda vya maziwa wanaithamini sana, nayo ni kipimo cha fosfatasi. Hiki ni kimeng'enya kilichomo kiasili kwenye maziwa mabichi, na bahati nzuri huharibika kwa joto linalozidi kidogo tu lile linaloua vimelea vinavyolengwa. Kikikutwa bado kinafanya kazi kwenye maziwa yaliyopashwa, basi ama joto halikutosha, ama maziwa mabichi yamepenya mahali fulani, kwa mfano kwenye vali inayovuja. Kisipokutwa, unajua kwamba upashaji ulifanyika. Hujui kama mikono michafu haikuingia baadaye wakati wa kufungasha. Hilo linataka kipimo kingine.

Mpaka hapa hakuna aliyeuliza swali lililo gumu kuliko yote. Hiyo 63 imetoka wapi?

Marekani ililipata swali hilo kwa njia ya wazi kabisa. Kwa miaka mingi kiwango cha huko kilikuwa takriban nyuzi 61.7 kwa dakika 30, kilicholenga hasa kimelea cha kifua kikuu kitokanacho na ng'ombe. Watu walifuatilia, waliandika, walihakiki. Kisha watafiti wa California wakakichunguza kimelea cha homa ya Q, Coxiella burnetii, ambacho hukaa kwenye maziwa ya ng'ombe na kinastahimili joto kuliko kile cha kifua kikuu. Majaribio yakaonyesha kwamba 61.7 kwa dakika 30 haikitoshi, ila 62.8 kwa muda uleule inakimaliza. Mwaka 1956 Idara ya Afya ya Umma ya nchi hiyo ikapandisha kiwango. Tazama jambo hili lilivyo: kiwanda kingeweza kuwa na fomu safi na vipimajoto sahihi kila siku, na bado kimelea kikapita. Kilichokuwa na kasoro ni kikomo chenyewe, na kasoro ya namna hiyo huonekana kwa uthibitishaji peke yake.

Kwa kiwanda chetu, kushika kitabu kinachosema 63 ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuonyesha kwamba tangi hili linafikisha joto hilo kila pembe. Kabla ya kuanza kuuza, lijazwe hadi mwisho, vihisi joto viwekwe sehemu kadhaa, ikiwemo karibu na vali ya kutolea, ambako maziwa hukwama kwenye bomba fupi bila kukorogwa. Ikiwa sehemu hiyo inachelewa nyuma ya nyingine, basi hesabu ya dakika 30 ianze pale iliyo baridi kuliko zote inapofika 63.

Kazi hii hurudiwa jambo la msingi linapobadilika. Kiwanda kikianza kutengeneza maziwa ya chokoleti yenye sukari, uthibitishaji wa zamani haukifuniki, kwa kuwa sukari na mafuta huvikinga vimelea dhidi ya joto. Kanuni za Marekani huongeza karibu nyuzi 3 kwa bidhaa za aina hiyo. Watahiniwa wengine hulitaja hili kuwa uhakiki kwa sababu limefanyika kiwanda kikiwa tayari kinaendelea na kazi.

Lawama nyingine iwaendee watunga kanuni. Sheria ya Marekani inauorodhesha uthibitishaji ndani ya shughuli za uhakiki, kama mtoto ndani ya nyumba ya mzazi. Codex Alimentarius, katika kanuni zake za usafi wa chakula zilizorekebishwa mwaka 2020, inautaja kivyake: vikomo viwe vimethibitishwa, mpango mzima uthibitishwe, ndipo taratibu za uhakiki zipangwe. Kwa hiyo sentensi “uthibitishaji ni sehemu ya uhakiki” inaweza kuwa kweli kwenye mtihani mmoja na kukuponza kwenye mwingine. Jua kwanza mtihani wako umeegemea andiko gani.

Na ukikutana na sampuli ya maziwa iliyopelekwa maabara, usijibu kabla ya kusoma imechukuliwa lini na kwa nini. Ikiwa ni ya mikupuo ya majaribio, kupima kama 63 inatosha kwenye tangi jipya, ni uthibitishaji. Ikiwa ni pakiti iliyotolewa kwenye bidhaa za kila wiki, ni uhakiki, hata kama mpimaji, mashine na fomu ni vilevile.