Kianzio cha asilimia 20 kinaweza kugeuka asilimia 33: soma hii kabla hujampa dalali hata mia

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuweke pembeni mambo ya mzigo na wateja. Tuongelee nyumba ya kwanza, ile ya kununua kwa mkopo wa benki. Mimi nauza mapazia na mashuka mtandaoni, nina kafremu kadogo Mbagala, na kidogo tu nipoteze milioni 3 kwa sababu ya hesabu moja ambayo hakuna aliyeniambia mapema.

Iko hivi. Benki haikupi hela yote ya nyumba. Inakupa asilimia fulani ya thamani yake, na inayobaki unatoa wewe. Hiyo asilimia ndiyo uwiano wa mkopo kwa thamani. Kwenye makaratasi ya benki utaona imeandikwa LTV. Ukiambiwa ni 80%, kichwani unapiga hesabu haraka: benki itatoa 80, mimi natoa 20.

Hapo ndipo nilipokosea. Asilimia 80 ya nini? Mimi nilidhani ni ya bei. Kumbe ni ya thamani ambayo mthamini ameiandika kwenye ripoti yake. Na kama bei na thamani havilingani, benki inachukua kile kilicho kidogo.

SASA SIKIA ILIVYONIKUTA

Nilipata nyumba Chamazi, vyumba viwili na sebule, ina hati, na mbele ina fremu mbili za biashara. Bei milioni 60. Hizo fremu ndizo zilinimaliza kabisa, nikajiona nimeshahamishia duka nyumbani. Afisa mikopo alishaniambia wanatoa mpaka asilimia 80. Nikapiga: asilimia 20 ya milioni 60 ni milioni 12. Mimi nilikuwa na milioni 15, kwa hiyo milioni 12 kianzio, milioni 3 gharama za makaratasi. Nikaona nimemaliza.

Dalali akaanza, "Bosi wangu, hii nyumba watu watatu wanaitaka, toa chochote mzee aishikilie." Nikatoa milioni 3 ya kushikilia. Mkataba aliuandika dalali, na chini kulikuwa na mstari unasema mnunuzi akishindwa kumalizia, hela hairudi. Nikasaini.

Wiki mbili baadaye ripoti ya mthamini ikatoka. Thamani ya soko milioni 50.

Hesabu mpya ikawa hivi:

Asilimia 80 ya milioni 50 = milioni 40, ndiyo benki inatoa.
Bei milioni 60 toa milioni 40 = milioni 20, ndicho kianzio changu.

Ona hapo. Benki haijabadilisha chochote, bado ni asilimia 80 ileile. Ila kwangu mimi kianzio kimetoka milioni 12 kimekuwa milioni 20, yaani theluthi nzima ya bei. Weka na gharama milioni 3, natakiwa milioni 23. Ninazo 15, na kati ya hizo 3 ziko kwa mwenye nyumba na mkataba unasema hazirudi. Pengo milioni 8.

KWA NINI THAMANI ILISHUKA

Nilikasirika nikadhani mthamini kanionea. Nilipoisoma ripoti taratibu nikaelewa. Yeye haangalii muuzaji anataka shilingi ngapi. Anaangalia nyumba zinazofanana na hiyo zimeuzwa bei gani maeneo hayo, jengo lina hali gani, barabara inafika au haifiki, na kikubwa zaidi, anaangalia kile kilichomo kwenye hati.

Zile fremu mbili zilizonivutia zilikuwa zimejengwa kwenye hifadhi ya barabara, nje ya mipaka ya kiwanja. Siku barabara ikipanuliwa zinavunjwa. Kwa hiyo kwenye ripoti hazikuhesabiwa kabisa. Mimi nilikuwa nalipia fremu ambazo kisheria si za yule mzee.

Kwa hiyo thamani ikitoka chini ya bei, usikimbilie kulaumu. Hiyo ni taarifa umepewa. Tafuta sababu yake ndani ya ripoti: ukuta umevuka mpaka? Kuna chumba kimeongezwa kisichokuwa kwenye ramani? Au bei tu imepandishwa na komisheni ya dalali imo humohumo?

Halafu kuna kitu kingine. Ripoti huwa na namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka, yaani bei ambayo benki ingeipata kama ingelazimika kuinadi. Ya pili siku zote ni ndogo. Yangu ilikuwa milioni 38. Kama benki yako inapiga asilimia yake kwenye hiyo ya pili, asilimia 80 inakuwa milioni 30 na laki 4 tu. Ndiyo maana swali la "mnatoa asilimia ngapi" halitoshi. Uliza na "asilimia ya thamani ipi".

USITOE MTAJI KUZIBA PENGO BILA KUPIGA HESABU

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kuuza mzigo wote wa dukani, au kukopa kwenye simu nizibe ile milioni 8. Bora sikufanya. Mikopo ya simu inaonekana kwenye taarifa zako za mikopo na kwenye stetimenti, na benki ikiona una marejesho mengine inapunguza kiasi inachokupa. Unaziba shimo moja, unachimba lingine.

Kuhusu mtaji, piga hesabu kama mfanyabiashara. Chukua mkopo wa milioni 40, riba asilimia 16 kwa mwaka inayopungua kadiri deni linavyopungua, miaka 15. Rejesho linakuwa kama shilingi 587,000 kwa mwezi. Ukiongeza milioni 1 kwenye kianzio ukakopa 39, rejesho linapungua kama shilingi 14,700 tu kwa mwezi. Sasa jiulize, milioni 1 ikiwa kwenye mzigo unaotembea inakuingizia faida kiasi gani kwa mwezi? Kwangu mapazia hayashuki chini ya laki 1. Kwa hiyo kuinyofoa dukani ili nipunguze rejesho kwa elfu 14 na kitu ni hasara, na hilohilo duka ndilo linalolipa rejesho.

Lakini usisikie nusu ukaondoka. Mzigo uliolala hauleti laki. Huo uuze upeleke kwenye kianzio. Na kianzio kidogo sana nacho kina hatari yake. Kwenye huo mkopo wa milioni 40, mwaka wa kwanza utalipa kama milioni 7, ila deni lenyewe litapungua kama laki 7 tu, nyingine yote ni riba. Baada ya mwaka bado unadaiwa milioni 39 na laki 3. Biashara ikiyumba ukalazimika kuuza nyumba kwa haraka kwa ile milioni 38, hela haitoshi kufuta deni. Nyumba imeondoka na deni limebaki. Kianzio ndicho kinachokukinga na hilo.

Kwangu mstari niliouchora ni huu: baada ya kulipa kianzio na gharama zote, lazima nibaki na mzigo wa kuendesha duka na marejesho ya miezi mitatu pembeni. Kama haviwezi kubaki, nyumba hiyo ni kubwa kuliko mimi.

NILIVYOTOKA

Nilichukua nakala ya ripoti nikamfuata mwenye nyumba mwenyewe, bila dalali. "Shikamoo mzee, mimi bado naitaka nyumba, ila benki imeona hivi." Nikamuonyesha ukurasa wa fremu. Alinyamaza muda mrefu. Naye alikuwa anajua kwamba mnunuzi mwingine yeyote wa mkopo atapewa majibu hayohayo. Mwisho akasema, "Haya mwanangu, lete 54 tumalize."

Milioni 54 toa 40 za benki, kianzio milioni 14. Gharama milioni 3. Jumla 17, ninazo 15. Ile milioni 2 niliipata kwa kuuza kwa bei ya kutupa mapazia yaliyokaa stoo tangu mwaka juzi. Ile milioni 3 ya mwanzo ikahesabiwa ndani ya kianzio. Ila hiyo ilikuwa huruma ya mzee. Mkataba ulikuwa upande wake.

UKITAKA KUANZA WEWE

Anza benki, siyo kwa dalali. Uliza wanatoa asilimia ngapi, ya thamani ipi, na wanamkubali mthamini yupi, maana ukimtumia asiye kwenye orodha yao utalipa mara mbili. Kisha omba nakala ya hati na ufanye upekuzi ofisi ya ardhi, uone jina ni la nani na kama haijawekwa dhamana mahali pengine.

Kama ni lazima utoe hela ya kushikilia, toa kidogo, na mkataba uwe na mstari kama huu: "Endapo thamani itakayotolewa na mthamini wa benki itakuwa chini ya bei ya mauziano, au benki isipotoa mkopo, mnunuzi ana haki ya kujitoa na kurudishiwa malipo yote ya awali ndani ya siku 14." Muuzaji akiukataa, bora ujue leo.

Kama unataka kiwanja kitupu badala ya nyumba, jiandae na kianzio kikubwa zaidi. Benki nyingi zinatoa asilimia ndogo kwa kiwanja, na nyingine hazikopeshi kabisa kama huna mpango wa kujenga. Kwa mfano ukipewa asilimia 50 kwenye kiwanja cha milioni 20, milioni 10 inatoka mfukoni kwako. Na kile cha karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa pekee, bila hati, usitegemee benki ikukopeshe mkopo wa nyumba.

Ukikumbuka moja tu, kumbuka hili: kianzio chako ni bei ya muuzaji toa hela ya benki. Na hela ya benki huijui mpaka mthamini aandike. Kabla ya hapo, usisaini.