Dondoo Zisizosomeka kwa Sauti

Mweka hazina wa SACCOS anasimama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka. Slaidi ziko ukutani, karatasi iko mkononi, na wanachama wamekuja kusikia fedha zao zimefanya nini. Anaanza vizuri kwa salamu, kisha macho yanashuka kwenye karatasi na hayapandi tena. Wengi hudhani tatizo ni woga. Kwa maoni yangu, mara nyingi kosa liko kwenye karatasi yenyewe: imeandikwa ili isomwe, naye anaisoma.

Tuchukue kifungu kama hiki, ambacho kingeweza kutoka kwenye taarifa yoyote ya fedha: "Hadi kufikia tarehe 31 Desemba, mikopo iliyo mikononi mwa wanachama ilikuwa shilingi milioni 480, ambapo shilingi milioni 60 hazijarejeshwa kwa wakati kutokana na kuchelewa kwa malipo ya korosho." Ni sentensi safi kwa kitabu cha taarifa. Ukiiweka kwenye dondoo, jicho likishaiingia halitoki mpaka nukta, na hakuna azungumzaye na jirani yake namna hiyo. Sasa itazame baada ya kuvunjwa:

Mikopo 480 m. Imechelewa 60 m.
Kila shilingi 8, 1 haijarudi
Kwa nini? Malipo ya korosho
(NYAMAZA. WATAZAME)
Swali lao: gawio je?

Mistari hii haisomeki kwa sauti hata ukijaribu, kwa kuwa haina sentensi. Msemaji analazimika kuitunga papo hapo, na anapoitunga huinua uso na kutumia maneno yake ya kila siku: "Ndugu wanachama, katika kila shilingi nane tulizokopeshana, moja bado haijarudi." Tarakimu zimebaki kwenye karatasi kwa sababu kumbukumbu huziponyoka kwanza. Hesabu ya moja kwa nane nayo imeandikwa, kwa kuwa kuigawa milioni 480 kwa 60 mbele za watu ni kujitafutia aibu.

Mstari wa mwisho ndio ninaoupigania kuliko yote. Msemaji anayeifahamu kazi yake hakwami katikati ya slaidi, maana picha au jedwali lipo linamkumbusha. Hukwama pale slaidi moja inapoisha na nyingine haijaanza. Hapo ndipo husikika "eeh, slaidi inayofuata", na mtiririko wote hukatika. Andika swali ambalo msikilizaji atakuwa nalo wakati huo. Mwanachama aliyesikia kwamba milioni 60 hazijarudi hafikirii tena mikopo, anafikiria gawio lake. Ukilitamka swali lake kabla hujabonyeza, slaidi ya gawio inakuja kama jibu.

Ndiyo maana dondoo zisiandikwe kwanza. Zungumza kwanza, peke yako, slaidi zikiwa mbele yako na karatasi ikiwa tupu, huku simu ikirekodi. Ukisikiliza baadaye utajua ulipositasita, ulipokosea tarakimu na uliporuka jambo. Andika hapo tu. Slaidi ambayo ulipita bila kusita haihitaji dondoo, hata kama nafasi ya kuandikia chini yake inakutazama.

Yapo mambo yanayostahili kuandikwa neno kwa neno. Majina na vyeo vya wageni, kwa mpangilio wa itifaki, ni la kwanza. Azimio litakalopigiwa kura ni la pili, kwani wanachama lazima wapigie kura maneno yaleyale yatakayoingia kwenye muhtasari. Kifungu cha masharti ya chama nacho kisibadilishwe hata neno. Haya yazungushie mstari, na ukifika hapo waambie wazi kwamba unasoma. Sentensi ya kwanza kabisa nayo iandike kamili, maana mapigo ya moyo huwa juu na akili hutafuta pa kushika.

Kwenye PowerPoint, dondoo huonekana kwenye kompyuta ya msemaji huku ukumbi ukiona slaidi tu, na herufi zake zinaweza kukuzwa. Zikikulazimu kushusha ukurasa ili uzimalize, ni nyingi mno. Lakini umeme hukatika na projekta hugoma, kwa hiyo ziwe pia kwenye kadi za nusu karatasi, upande mmoja tu, kila moja na namba yake, kwa herufi zinazosomeka kadi ikiwa mezani nawe umesimama.

Jaribio la kuzipima ni rahisi. Mpe kadi mtu asiyejua taarifa hiyo umwombe aiwasilishe. Akiweza, umeandika hotuba, rudi ukate. Kisha ziache zilale usiku mmoja, uzishike asubuhi. Mstari ambao haukuletei sentensi uongezee neno moja, ujaribu tena.